Yai Linaelea, Lakini Chumvi Ni Kiasi Gani?

Mama mmoja anayetengeneza kayabo kule Kirumba, Mwanza, aliniletea maabara chupa ya maji ya kunywa, lakini ndani yake mlikuwa na maji ya chumvi yenye rangi ya chai iliyopauka. Kayabo, kwa asiyeijua, ni sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi kali na kuanikwa, na sehemu kubwa yake husafiri hadi Kongo. Wapo wanaompaka samaki chumvi kavu na kumpanga tabaka kwa tabaka. Mama huyu yeye hutumbukiza minofu kwenye pipa la plastiki la bluu lililojaa maji ya chumvi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nipimie haya. Chumvi imejaa au haijajaa?"

"Mwenyewe umeyapimaje?"

"Kwa yai. Linaelea vizuri kabisa, kama mtumbwi."

Mzigo wake uliopita ulilainika kabla haujakauka, na alishaanza kulishuku lile yai. Alikuwa na haki. Yai bichi lisilo la zamani ni zito kuliko maji matupu kwa asilimia nane hivi, kwa hiyo linaanza kuelea mara tu maji yanapofikia uzito huo. Hapo lita moja ya maji ya chumvi ina kama gramu 120 au 130 za chumvi. Maji yaliyojaa kabisa, yale ambayo hata ukiongeza chumvi haiyeyuki tena, yana kama gramu 317 kwa lita. Katikati ya 130 na 317 yai linaelea tu, tofauti ikiwa ni ganda kuchomoza kidogo zaidi. Na yai la zamani, lenye hewa nyingi ndani, linaelea hata kwenye ndoo ya maji ya Ziwa. Juu ya hayo, maji ambayo samaki wameshalowekwa humo yana damu na protini, navyo vina uzito wake. Chombo chochote kinachopima uzito wa maji, liwe yai, kiazi au haidromita, kitavihesabu vyote hivyo kana kwamba ni chumvi.

Nilichomfanyia ni kipimo cha kale ambacho mfamasia Mjerumani Friedrich Mohr alikieleza mwaka 1856, na mpaka leo wanafunzi wanakifanya. Hakiangalii uzito. Kinahesabu kloridi, yaani ile nusu ya chumvi isiyokuwa sodiamu, kwa kuikamata punje kwa punje na fedha. Fedha ninayoisema ni madini ya fedha yenyewe, yaliyo ndani ya mmumunyo wa nitrati ya fedha.

Kabla ya kuingia maabara, kuna jambo moja lililomchanganya mama na huwachanganya wengi. Aliniambia: "Mimi nimeweka kilo 36 kwenye lita 100 za maji, kama nilivyofundishwa. Si ina maana kila lita ina gramu 360?" Hapana, na hapa hakuna aliyekosea kupima. Chumvi ikiyeyuka haipotei, inachukua nafasi. Ukitia kilo 36 kwenye lita 100 za maji, hupati tena lita 100. Unapata kama lita 113. Gramu 36,000 ukizigawa kwa lita 113 unapata karibu 318. Kwa hiyo "gramu 360 kwa lita ya maji" na "gramu 317 kwa lita ya maji ya chumvi" ni kitu kilekile kikisemwa kwa njia mbili. Maabara hupima kwa njia ya pili, kwa sababu pipeti inachota maji ya chumvi yalivyo, bila kujua ulianza na maji kiasi gani.

Sasa tuone fedha inavyofanya kazi. Nitrati ya fedha ikikutana na kloridi kwenye maji, fedha na kloridi hushikana papo hapo na kuwa chembe nyeupe zisizoyeyuka, mfano wa maziwa yaliyokatika:

AgNO3 + NaCl → AgCl + NaNO3

Moli ni kipimo cha kuhesabia chembe, na moli moja ya fedha hukamata moli moja ya kloridi. Ukijua umetumia fedha kiasi gani mpaka kloridi ikaisha, umejua kloridi ilikuwa kiasi gani. Shida ni kujua imeisha lini, kwa kuwa weupe ulianza na tone la kwanza na unaendelea kuwa weupe mpaka mwisho. Hapo ndipo kromati ya potasiamu inapoingia. Huu ni mmumunyo wa njano ambao nao hushikana na fedha, ila ukishikana unatoa chembe nyekundu za rangi ya tofali:

2AgNO3 + K2CrO4 → Ag2CrO4 + 2KNO3

Kinachofanya kipimo kiwezekane ni foleni. Kloridi na kromati zote ziko ndani ya flaski moja, lakini kloridi hung'ang'ania fedha kwa nguvu zaidi. Ilimradi kloridi ipo ya kutosha, fedha inayoingia huchukuliwa nayo, na chembe nyekundu inayotokea mahali tone lilipoangukia huyeyuka tena ukitikisa. Kloridi ikikaribia kwisha, fedha huru ndani ya maji hupanda ghafla, na hapo kromati hupata zamu yake. Wekundu haufutiki tena. Ukifungia hapo bureti, ule mrija wenye alama unaodondosha nitrati ya fedha, idadi ya mililita zilizotoka ndiyo jibu lako.

Foleni hiyo ina masharti. Kromati ikiwa nyingi mno inadandia fedha mapema, na njano yake kali inakuficha usione mabadiliko. Ikiwa kidogo mno, inachelewa kujitokeza na wewe unaendelea kumwaga. Kwa flaski yenye kama mililita 75 za maji, mimi hutia mililita 1 ya mmumunyo wa kromati wa asilimia 5, na hiyo ikiwa imepimwa kwa pipeti. Ukikadiria matone kwa macho, mara hii yatakuwa 15 na mara nyingine 30, na majibu yako yatayumba bila wewe kujua kwa nini.

Maji ya mama hayawezi kuwekwa chini ya bureti yalivyo. Mililita 1 tu ya maji yenye gramu 280 kwa lita ingekula karibu mililita 48 za nitrati ya fedha ya molari 0.1, yaani yenye moli 0.1 kwa lita, na flaski ingejaa uji mweupe mzito kiasi cha kuufunika wekundu wote. Nitrati ya fedha nayo bei yake si ya kuchezea. Kwa hiyo kwanza unazimua. Nilichuja maji kwa karatasi ya chujio, nikachota mililita 10 kwa pipeti na kuziachia kwenye flaski ya ujazo ya lita 1, nikajaza maji safi hadi kwenye alama, nikafunga kizibo na kuipindua juu chini mara 20. Hapo maji ya mama yamezimuliwa mara 100. Kutoka humo nikachota mililita 25 na kuzitia kwenye flaski ya koni, nikaongeza mililita 50 za maji safi na ile mililita 1 ya kromati.

Kuchota mililita 10 za maji mazito ya chumvi kuna utundu wake. Yanateleza taratibu kuliko maji matupu, kwa hiyo ukiiondoa pipeti upesi unaacha sehemu ndani. Iache ncha yake iguse ukuta wa flaski, uhesabu taratibu hadi 20, ndipo uiondoe. Na ufute nje ya pipeti kwa karatasi kabla ya kuachia, maana tone moja lililoning'inia nje likiingia kwenye flaski ya lita 1 linazidishwa mara 100 pamoja na mengine.

Kuhusu maji safi: maji ya bomba hapa Mwanza yanatoka Ziwani na ni laini, lakini kloridi kidogo haikosi. Tuseme maji yana miligramu 10 za kloridi kwa lita. Mililita 50 zake zitakula kama mililita 0.14 za nitrati ya fedha, na hesabu ikiisha hiyo itakuwa gramu 3 za chumvi kwa lita ambazo mama hakuziweka. Tumia maji yaliyokenekwa. Kama maabara yako inanunua maji ya betri dukani, yajaribu kwanza: tia tone moja la nitrati ya fedha kwenye mililita 10 zake juu ya karatasi nyeusi. Yakiingia ukungu, yarudishe.

Mwaka mmoja niliyajaribu maji ya namna hiyo kwa fedha na hayakuingia ukungu, nikaridhika. Nilipotia kromati, njano ikageuka kuwa ya chungwa hata kabla sijafungua bureti. Nikaendelea kwa ukaidi. Wekundu ulikuwa unatokea na kufutika, unatokea na kufutika, nikapita mililita 3 juu ya matarajio bila kuona mwisho unaoeleweka. Muuzaji alikuwa ametumia dumu lililowahi kuwa na asidi ya betri. Asidi huigeuza kromati kuwa daikromati, ambayo ndiyo yenye rangi ya chungwa, na fedha haishikani nayo vizuri. Kromati inayobaki haitoshi kukupa ishara kwa wakati, na kipimo kinadai chumvi ni nyingi kuliko ilivyo.

Ndiyo maana kabla ya kuanza unapima uchachu kwa karatasi ya pH. Mmumunyo unatakiwa kuwa kati ya 7 na 10. Ukiwa chini ya hapo, tia ncha ya kijiko ya baikaboneti ya sodiamu, ile magadi soda ya kupikia maandazi, na itakaa kwenye 8 na kitu bila kukusumbua. Ukiwa juu ya 10, fedha inashikana na alkali na kutoa chembe za kahawia, nazo zinakula fedha yako. Kwa maji ya samaki kuna hila nyingine: samaki akianza kuoza hutoa amonia, na amonia huishika fedha isionekane. Harufu itakuambia. Kuzimua mara 100 kunapunguza sana tatizo hilo, lakini usiliamini kupita kiasi. Chupa ya kwanza kabisa aliyoileta mama ilikuwa imekaa wiki nzima juani kwenye dirisha la bajaji. Nilipoifungua nilikimbilia mlangoni. Tone la kwanza la fedha halikutoa weupe, lilitoa kijivu cha majivu: hiyo ni salfidi, inayotokana na kuoza, na chembe zake ni nyeusi. Nikamwomba alete nyingine, ya siku hiyohiyo. Maji ya namna ile yanaweza kuokolewa kwa kutia mililita 1 ya peroksidi ya hidrojeni na kukoroga kwa dakika moja ili salfidi iunguzwe, lakini kama mwenye pipa yuko mtaa wa pili, kwa nini uhangaike?

Nitrati ya fedha yenyewe lazima uihakikishe. Nilipima gramu 4.247 na kuziyeyusha kwenye mililita 250, ambazo kwa hesabu zinatoa molari 0.1. Lakini hesabu ya kwenye lebo na ukweli wa kwenye chupa ni ndugu wasiofanana sana. Nikachukua chumvi safi ya maabara iliyokaushwa kwenye oveni, gramu 1.461 kwenye mililita 250, ambayo ni molari 0.1000. Chumvi ya jikoni haifai hapa. Mililita 25 za mmumunyo huo zilikula mililita 25.45 za fedha.

Katika hizo 25.45 kuna sehemu ambayo haikwenda kwa kloridi. Ili jicho lione wekundu, lazima fedha kidogo zaidi iingie kutengeneza wekundu wenyewe. Kiasi hicho unakipima peke yake: maji safi mililita 75, kromati mililita 1, na chokaa safi ya kalsiamu kaboneti kidogo ili kuwe na weupe kama wa kipimo halisi, kisha tone kwa tone mpaka ufikie rangi uliyoizoea. Mimi nilipata mililita 0.10. Kwa hiyo 25.45 inakuwa 25.35, na nguvu ya kweli ya fedha yangu ni 25 × 0.1000 ÷ 25.35, yaani molari 0.0986.

Sasa bureti. Flaski ya koni ninaiweka juu ya karatasi nyeupe, mbali na dirisha la jua, kwa sababu kloridi ya fedha ikipigwa na mwanga inaanza kugeuka zambarau na kukuchanganya. Mkono wa kushoto kwenye bomba la bureti, wa kulia unazungusha flaski. Mwanzoni maji ni ya njano kama ya limau, kisha yanakuwa ya njano yenye maziwa. Kila tone linapoangukia linaacha doa jekundu linalozunguka na kuyeyuka. Kadiri unavyosogea mwisho, doa linachelewa kuyeyuka, na chembe nyeupe zinaanza kushikana mabonge mabonge na kuzama. Ukiona mabonge hayo, punguza mwendo: tone, zungusha kwa nguvu, tazama, tone lingine. Mwisho ni pale njano inapoacha kuwa njano halisi na kuingia wekundu mwepesi ambao baada ya nusu dakika ya kuzungusha bado upo. Kosa la wanafunzi wengi ni kungoja rangi ya tofali wazi kama kwenye picha ya kitabu. Ukifika hapo umeshapitiliza.

Weka pembeni flaski moja uliyoisimamisha tone moja kabla ya mwisho, uwe unalinganisha nayo. Bila ya kulinganisha, jicho linadanganywa na uchovu, na saa kumi jioni rangi si ile uliyoiona saa nne asubuhi.

Mara ya kwanza, kwa kukadiria, nilipata 12.7. Mara mbili zilizofuata, kwa uangalifu, 12.30 na 12.30. Nikatoa 0.10 ya rangi, ikabaki 12.20. Hesabu yake ni hii:

12.20 × 0.0986 = 1.203 milimoli za fedha, ambazo ni sawa na milimoli za kloridi

1.203 × 58.44 = 70.3 miligramu za chumvi kwenye mililita 25

70.3 ÷ 25 = 2.81 gramu kwa lita ya maji yaliyozimuliwa

2.81 × 100 = 281 gramu kwa lita ya maji ya mama

Hiyo 58.44 ni uzito wa moli moja ya kloridi ya sodiamu. Ukipangilia vipimo vyangu vyote pamoja, kila mililita 1 ya bureti ilikuwa na thamani ya gramu 23.05 kwa lita. Ni vizuri kuijua namba hiyo mapema, kwa sababu inakuonyesha mipaka yako. Tone moja la bureti ni kama mililita 0.05, kwa hiyo tone moja la kupitiliza ni gramu 1 na kidogo kwa lita. Mtu akikuandikia 281.19 kwa njia hii, zile tarakimu mbili za mwisho amezitoa kwenye kikokotoo, si kwenye flaski. Na kama ningeamini lebo ya molari 0.1 bila kuhakikisha, ningemwambia mama 285.

Mama alisikiliza, akauliza swali lenye maana kuliko yote: "Kama niliweka 36, hizo nyingine zimekwenda wapi?"

Kutoka 317 hadi 281 ni pengo la gramu 36 kwa kila lita. Samaki alijitokeza kuwa mshukiwa wa kwanza. Mnofu wa sangara kwa sehemu kubwa ni maji. Ukiutia kwenye maji ya chumvi, maji ya mnofu yanatoka na chumvi inaingia, na kwa njia zote mbili pipa linadhoofika. Lakini mzigo ule ulikuwa mdogo, kama kilo 20 tu, na pipa lina zaidi ya lita 110. Haikuniingia akilini kwamba samaki wachache vile wamefanya yote. Nikamwomba atengeneze maji mapya kwa vipimo vyake vya siku zote, ayakoroge, na aniletee kabla samaki hajaingia. Nilisisitiza kukoroga, kwa sababu maji mepesi hukaa juu na mazito chini, na kikombe kilichochota juujuu kinaweza kukuambia habari za maji ya juu tu. Akaniambia hukoroga kwa kasia lililovunjika, mpaka mikono imuume. Nikamwamini.

Maji mapya yalikula mililita 13.05 baada ya kutoa ile 0.10. Mara 23.05 ni gramu 301 kwa lita. Kwa hiyo sehemu ya pengo ilikuwapo hata kabla ya samaki kuingia. Gramu 20 tu kwa lita, kutoka 301 hadi 281, ndizo zinazoweza kudaiwa na samaki, na hilo linaingia akilini: wakitoa lita 4 za maji na kunywa kilo 1 na robo ya chumvi, hesabu inakaa.

Ikabaki 317 hadi 301. Nikamwomba anipe chumvi yenyewe kutoka kwenye gunia, ya mawe, yenye unyevunyevu wa kushikana mkononi. Nilipima gramu 3.000 jinsi ilivyo, bila kuikausha, kwa sababu yeye naye haikaushi anapoipima kwenye mizani. Nikaiyeyusha kwenye lita 1, nikaacha mchanga utulie chini, nikachota mililita 25. Kama ingekuwa chumvi tupu, ningetumia mililita 13.02. Nilitumia 12.25. Maana yake ni asilimia 94. Katika kilo zake 36, chumvi ni kilo 34 hivi, na zile 2 ni maji, mchanga na vichache vingine. Kilo 34 kwenye lita zile 113 zinatoa karibu na 301 ile ile tuliyoipima.

Hapa lazima niseme kipimo hiki kisichokiona. Fedha haijui sodiamu. Inajua kloridi tu, na neno "chumvi" kwenye jibu ni dhana yetu kwamba kila kloridi imeongozana na sodiamu. Chumvi inayokaushwa kwa jua kutoka bahari ya pwani huwa na magnesiamu kidogo, na kila moli ya kloridi ya magnesiamu ina kloridi mbili. Gramu 95 zake zitahesabiwa kama gramu 117 za chumvi ya kawaida. Salfeti haihesabiwi kabisa. Kwa pipa la samaki tofauti hizo ni ndogo, lakini kwa mtu anayeuza chumvi kwa usafi wake asitegemee namba hii peke yake.

Kwa kulirekebisha pipa la 281, hesabu ilikuwa hivi. Lita kama 116 zikikosa gramu 36 kila moja ni kilo 4.2. Chumvi ikiongezwa nayo inaongeza ujazo, kwa hiyo zinakuwa karibu kilo 4.7, na kwa kuwa gunia lake ni la asilimia 94, kilo 5. Alizitia jioni, akakoroga kwa lile kasia, asubuhi akakuta chembe chache za chumvi bado zimekaa chini pamoja na mchanga. Akaniletea kikombe. Baada ya kutoa 0.10, bureti ilisoma 13.70, yaani gramu 316.

Mabaki yote ya flaski niliyamimina kwenye chupa ya kahawia iliyoandikwa KROMATI NA FEDHA, maana kromati ni sumu inayosababisha saratani na sinki letu linaelekea kulekule sangara anakotoka. Vidole vyangu viwili, nilivyovigusisha na fedha kwa uzembe, vilibaki na madoa meusi wiki nzima.